Pilau Isiyoonekana Kwenye Google

Usiku wa kuamkia Idi, mtu ameshika simu jikoni anaandika Google: jinsi ya kupika pilau ya nyama. Majibu yanashuka kwenye kioo, kila moja likiwa na mstari mmoja wa bluu na mistari miwili mitatu ya maandishi madogo chini yake. Anapitisha macho, anabofya moja, mengine yote anayaacha. Hajaona picha ya sufuria wala hajasoma hata hatua moja ya mapishi. Kilichomfanya achague ni yale maneno machache tu.

Mstari wa bluu ni kichwa cha ukurasa, na maandishi ya chini yake ni maelezo ya ukurasa. Kwa kawaida vyote viwili huandikwa na mwenye tovuti, lakini havionekani ndani ya makala yenyewe, kwani hukaa kwenye sehemu ya juu ya msimbo wa ukurasa. Ndiyo maana wengi husahau kuviandika, au huviandika mara moja siku tovuti inafunguliwa, kisha basi.

Tumchukulie mpishi wa kubuni, yuko Tanga, ana tovuti ya mapishi. Ukurasa wake wa pilau una kichwa hiki: “Karibu Kwenye Tovuti Yetu ya Mapishi Bora ya Kiswahili - Jinsi ya Kupika Pilau ya Nyama”. Ni maneno ya heshima, kama mwenyeji anayepokea wageni mlangoni. Ila kina herufi 87 ukihesabu na nafasi, na neno “Pilau” linaanzia kwenye herufi ya 74. Google kwenye kompyuta huonyesha takribani herufi 50 hadi 60 za kichwa, kisha huweka nukta tatu. Anayetafuta pilau anakaribishwa vizuri sana, lakini pilau yenyewe haioni.

Hizo herufi 60 ni makadirio tu. Kinachopimwa hasa ni upana, kwa pikseli, na kwenye kompyuta kichwa hupewa kama pikseli 600. Maneno “pilipili” na “mwanamke” yana herufi nane kila moja, lakini kwa mwandiko wa Arial “mwanamke” hula nafasi mara mbili ya “pilipili”, kwa sababu m na w ni pana ilhali i na l ni vijiti. Herufi kubwa nazo hula nafasi zaidi, kwa hiyo anayeandika kichwa chote kwa herufi kubwa ili kivutie hujipunguzia maneno mwenyewe. Maelezo ya chini hupata herufi 150 hadi 160 hivi kwenye kompyuta, na kwenye simu ni salama zaidi kuhesabu 120.

Mipaka hii nayo huhama. Desemba 2017 Google iliruhusu maelezo marefu ya hadi herufi 320 hivi, na watu wakakaa kuandika upya kurasa zao zote. Mei 2018 ikarudisha ufupi wa zamani, na kazi yote hiyo ikakatwa katikati ya sentensi. Mwandishi mwenye busara huweka jambo kuu mwanzoni, ili mkasi ukipita usikate kilicho muhimu.

Sasa mpishi wetu anaandika upya:

```
<title>Jinsi ya Kupika Pilau ya Nyama: Vipimo vya Watu 6</title>
<meta name="description" content="Kilo moja ya mchele, nusu kilo ya nyama, viungo vya kusaga mwenyewe. Kiasi cha maji ili pilau isiwe bokoboko, na jinsi ya kupalia makaa juu.">
```

Kichwa kina herufi 49. Nusu ya kwanza inarudia maneno yaleyale aliyoandika mtafutaji, naye anajua mara moja kwamba amefika. Lakini washindani wote kwenye ukurasa ule wataanza hivyohivyo, kwa hiyo kazi ya kumvuta inafanywa na nusu ya pili. “Vipimo vya Watu 6” ni ahadi inayoshikika, tena mwenye wageni wa Idi anaitaka. Angeandika “Mapishi Bora Kabisa”, asingekuwa amesema kitu.

Maelezo yana herufi 140. Hofu kubwa ya anayepika pilau, ile ya bokoboko, imekaa kabla ya herufi ya 110, kwa hiyo hata simu ikikata, itakatia kwenye makaa. Google huyakoleza wino maneno ya maelezo yanayofanana na aliyoyaandika mtafutaji, na ndiyo sababu “pilau” imetajwa humo tena. Hapa kuna kosa la kawaida: watu huyajaza maelezo maneno ya kutafutwa wakidhani yatawapandisha juu. Google ilisema tangu 2009 kwamba haitumii maelezo hayo kupanga nafasi. Kazi yake ni kumshawishi binadamu abofye.

Baada ya hapo mpishi anatafuta ukurasa wake na kukuta kichwa tofauti na alichoandika. Si hitilafu. Agosti 2021 Google ilibadilisha namna ya kuunda vichwa, na mwezi uliofuata ikaeleza kwamba hutumia kichwa cha mwenye tovuti kwa karibu asilimia 87 ya mara. Zilizobaki hutunga chake, mara nyingi kwa kuchukua kichwa kikubwa kinachoonekana ndani ya makala. Hufanya hivyo kichwa kinapokuwa kirefu mno, kinaporudia neno moja mara nne, au kinapofanana kwenye kurasa zote za tovuti. Dawa ni kuhakikisha kichwa cha ndani na cha nje vinasema jambo moja. Maelezo nayo hubadilishwa, tena mara nyingi zaidi, pale Google inapoona sentensi ya ndani ya makala inajibu swali vizuri kuliko maelezo uliyoandika. Hivyo aya ya kwanza ya makala inastahili uangalifu uleule.

Je, mibofyo imeongezeka? Google Search Console, ambayo ni ya bure, humwonyesha mwenye tovuti mara ngapi ukurasa wake ulionekana, mara ngapi ulibofywa, na wastani wa nafasi yake. Tuseme kwa siku 28 ukurasa wa pilau ulionekana mara 4,000 ukabofywa mara 60. Hiyo ni asilimia 1.5. Baada ya mabadiliko unaonekana mara 4,100 na kubofywa mara 123, yaani asilimia 3.

Asishangilie kwanza. Kama wastani wa nafasi umetoka 6 hadi 3, huenda mibofyo imeletwa na kupanda huko tu, maana walio juu hubofywa zaidi hata vichwa vyao vikiwa vibovu. Kama nafasi imebaki 6, hapo kichwa kipya kinaweza kudai sifa, ingawa bado kuna msimu wa kuutazama: wiki ya Idi watu wenye haraka ya kupika hubofya tofauti na wiki ya kawaida. Linganisho la haki huchukua swali lilelile la mtafutaji, nafasi ileile, na vipindi viwili visivyo na sikukuu, na huanza kuhesabiwa baada ya kichwa kipya kuonekana kwenye Google, si siku kilipoandikwa.

Mpishi akitaka kuendelea, achague kurasa zinazoonekana mara nyingi zikiwa kati ya nafasi ya nne na ya kumi lakini hazibofywi. Ukurasa ulio nafasi ya 45 hauna wa kumvuta. Hapo tatizo liko kwenye makala yenyewe. Na kama wa pilau umeahidi kiasi cha maji, vikombe viwepo ndani, juu kabisa, kabla ya hadithi ya bibi yake.