Umepanda Vyeo kwa Mwajiri Mmoja: Je, Wasifu Wako Unaonyesha?

Mtu aliyekaa kwa mwajiri mmoja miaka kumi na kupandishwa cheo mara tatu ana hoja nzito anapoomba kazi kwingine. Waliofanya naye kazi kila siku, wakaujua uvivu wake na bidii yake, ndio walioamua kumwongezea madaraka. Hata hivyo, kwenye wasifu wa kazi, ule ambao wengi huuita sivii, hoja hiyo hupotea kirahisi. Mtu yuleyule huonekana ama ameganda mahali pamoja, ama hatulii kazini.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa kiwanda cha vyakula jijini Dar es Salaam. Aliajiriwa Machi 2015 kama karani wa stoo, akipokea mizigo na kuandika leja. Mwaka 2017 akapandishwa kuwa mtunza stoo. Mwaka 2019 akahamishiwa Mbeya kwa cheo kilekile, kwenda kufungua stoo mpya. Mwaka 2021 akarudishwa Dar es Salaam na kupandishwa kuwa msimamizi wa stoo. Desemba 2022 meneja wake akaondoka, naye akakaimu nafasi hiyo kwa miezi saba, hadi Julai 2023 alipopewa barua ya kuwa meneja wa maghala.

Mtu huyu akikaa kuandika wasifu, makosa mawili yanamnyemelea. La kwanza ni kuandika mstari mmoja tu: "Meneja wa maghala, 2015 hadi sasa." Hapo amefuta ngazi zote alizopanda, na isitoshe amesema jambo lisilo kweli. Afisa rasilimali watu akipiga simu kiwandani ataambiwa kuwa umeneja ulianza 2023, na kuanzia hapo atatilia shaka kila alichosoma.

Kosa la pili ni kuandika kila nafasi kama kazi mpya, jina la kiwanda likirudiwa kila mara pamoja na tarehe zake. Anayepitia rundo la maombi huanza kwa kutupia jicho tarehe. Akiona vipande vya miaka miwili miwili, anaweza kumweka mwombaji kwenye fungu la wanaohamahama kabla hajagundua kuwa mwajiri ni mmoja.

Dawa ya makosa yote mawili ni kuliandika jina la mwajiri mara moja tu katika sehemu ya uzoefu, na pembeni yake kipindi chote: Machi 2015 hadi sasa. Chini yake panga vyeo kimoja baada ya kingine, ukianza na cha sasa, kila kimoja na tarehe zake. Ila sehemu hiyo iko katikati ya ukurasa, na msomaji mwenye haraka huenda asiifikie. Ndiyo maana habari ya kupanda inatakiwa ianzie kwenye muhtasari, ile aya ya mistari michache iliyo juu kabisa.

Muhtasari tuliouzoea husomeka hivi:

"Mimi ni mchapakazi, ninayejituma na ninayeweza kufanya kazi kwa shinikizo. Nina uzoefu wa miaka mingi katika shughuli za stoo."

Hapo hakuna pa kuanzia wala pa kufikia. Karani wa stoo aliyebaki karani miaka kumi angeweza kuandika maneno hayohayo. Sasa tazama huu:

"Meneja wa maghala mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 10 katika kiwanda kimoja cha vyakula. Niliajiriwa 2015 kama karani wa stoo, na tangu hapo nimepandishwa cheo mara tatu. Nilianza kwa kutunza leja ya stoo moja. Leo ninaongoza wafanyakazi 26 katika maghala mawili, na upungufu wa mali unaoonekana wakati wa kuhesabu umeshuka kutoka asilimia 4 hadi chini ya asilimia 1."

Sentensi ya kwanza inamtambulisha kwa cheo alicho nacho leo, kwa sababu ndicho anachotafuta mwajiri mpya. Ya pili inataja alikoanzia, mwaka, na idadi ya hatua. Ya tatu na ya nne zinaonyesha kuwa kazi yenyewe imekua pamoja na cheo, kwani kampuni inaweza kumbadilishia mtu jina la cheo huku akiendelea na kazi ileile. Idadi ya watu anaowaongoza, maghala anayoyasimamia na mali isiyopotea haviachi shaka hiyo. Vyeo vya katikati havikutajwa hapa. Vinasubiri kwenye sehemu ya uzoefu.

Angalia pia hesabu. Alishika nafasi sita, ukihesabu ya Mbeya na ile ya kukaimu, lakini muhtasari unasema amepandishwa mara tatu. Kuhamishiwa Mbeya kwa cheo kilekile si kupandishwa. Kukaimu nako si kupandishwa hadi barua ya uteuzi itoke. Ukiwa na mashaka, rudi kwenye barua: ya kupandishwa cheo hutaja cheo kipya na tarehe ya kuanza, na kwa kawaida mshahara mpya, ya uhamisho hubadilisha kituo cha kazi tu.

Hata hivyo uhamisho usitupwe. Kati ya 2017 na 2021 mtu huyu anaonekana amekaa miaka minne bila kupanda. Mstari mmoja chini ya cheo cha mtunza stoo, unaosema kuwa 2019 alihamishiwa Mbeya kufungua stoo mpya, unajibu swali hilo kabla halijaulizwa. Miezi saba ya kukaimu nayo iandikwe hapo kwa jina lake.

Kwa mtumishi wa umma Tanzania kuna jambo la ziada. Kutoka Afisa Daraja la II kwenda Daraja la I, kisha Mwandamizi na hatimaye Mkuu, ni kupanda kweli, lakini mwajiri wa kampuni binafsi huenda asijue maana ya ngazi hizo. Basi mweleze kilichoongezeka: kitengo ulichokabidhiwa, bajeti uliyosimamia au watumishi uliowaongoza. Kama daraja lilipanda na majukumu yakabaki yaleyale, litaje kwa ufupi.

Wengine hawakuhama, bali mwajiri ndiye aliyebadili jina. Aliyeajiriwa na Celtel kabla ya 2008 alijikuta Zain mwaka huo, kisha Airtel mwaka 2010, bila kuondoka mezani pake. Asipoeleza ataonekana amepita kampuni tatu. Aandike jina la sasa, na baada yake "zamani Celtel na Zain". Na kama fomu ya maombi ya mtandaoni inalazimisha kila cheo kijazwe peke yake, jina la mwajiri liandikwe kwa herufi zilezile kila mara, ili msomaji atambue kuwa ni mahali pamoja.

Kabla ya kuandika chochote, zitandaze barua zako mezani na unakili tarehe kutoka humo. Sheria za kazi za Tanzania na Kenya zinamtaka mwajiri ampe anayeondoka cheti cha utumishi, lakini cheti hicho kinaweza kutaja cheo cha mwisho pekee. Ngazi za katikati zitathibitishwa na barua ulizohifadhi, na iliyopotea ni rahisi zaidi kuiombea nakala ukiwa bado kazini.