Fuwele, Ganda la Ndizi na Nyuzi 120

Mwaka 2008 mwanafizikia James Scott wa Chuo Kikuu cha Cambridge alipima ganda la ndizi. Alilipaka elektrodi, akapitisha volti zinazopanda, zinazoshuka na kubadili upande, huku akirekodi chaji. Mchoro uliotoka ulikuwa kitanzi kilichofungika vizuri. Alikuwa na sababu: watafiti wengi walikuwa wakionyesha vitanzi vya namna hiyo na kutangaza kwamba wamepata kitu cha feroelektriki. Ganda la ndizi si feroelektriki. Je, kitanzi cha kweli kinajulikanaje?

Tuchukue titaneti ya bariamu, BaTiO3, iliyogunduliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Fuwele yake imepangwa kama perovskaiti: vijisanduku vyenye bariamu kwenye pembe nane, oksijeni katikati ya kila uso, na titani moja ndani. Katika joto la kawaida kila kijisanduku kimerefuka kidogo, kama asilimia moja, kuelekea upande mmoja, na titani haikai katikati. Imesogea kuelekea oksijeni mojawapo kwa umbali wa karibu sehemu moja ya mia ya nanomita. Ni hatua ndogo mno, lakini titani ina chaji chanya, na vijisanduku jirani husogea pamoja. Kwa hiyo upande mmoja wa fuwele unakuwa chanya na wa pili hasi, bila betri yoyote.

Titani ingeweza kusogea juu au chini. Kwake ni mamoja. Ndiyo maana fuwele ambayo haijaguswa hugawanyika katika vitongoji, hiki kikielekea huku na kile kule, na jumla yake ni karibu sifuri. Ukiongeza volti, vitongoji vilivyo upande wa volti hukua na kuvimeza vingine, mpaka hakuna cha kumezwa. Hapo mchoro hulala karibu mlalo: umefika kikomo. Sasa rudisha volti hadi sifuri. Chaji nyingi hubaki palepale. Kuigeuza kunahitaji volti za upande wa pili, na katika fuwele nzuri kiasi chake ni karibu 1,000 kwa kila sentimita ya unene, yaani volti 50 tu kwa kipande cha nusu milimita. Kugeuka hakutokei kwa fuwele nzima kwa mkupuo. Huanza na vijitongoji vyembamba kama sindano karibu na elektrodi. Hivyo huchoma kwenda ng'ambo, kisha hutanuka kando. Kuchelewa huko ndiko kunakofungua kitanzi cha histeresisi.

Ganda la ndizi nalo hupitisha umeme, tena kwa uvujaji mtupu. Kifaa huhesabu chaji yote inayopita na hakijui kama imebaki ndani au imevuja, kwa hiyo kinachora kitanzi. Tofauti iko kwenye ncha. Kitanzi cha uvujaji kina ncha za mviringo na hakifiki kikomo. Chaji huendelea kupanda hata volti zinapoanza kushuka. Cha titaneti ya bariamu kina ncha zilizochongoka.

Ushahidi ninaouamini zaidi, hata hivyo, hutoka kwenye joto. Pasha fuwele polepole huku ukitazama mchoro. Kitanzi huwa chembamba na kifupi: chaji iliyokuwa mikrokulombi 26 kwa sentimita ya mraba hushuka hadi karibu 18. Kisha, karibu nyuzi 120 za Selsiasi, haiendelei kufifia. Inaanguka ghafla hadi sifuri. Vijisanduku vimekuwa mraba kila upande, wastani wa mahali pa titani ni katikati, na kitanzi kimebaki mstari. Hii ndiyo hali ya paraelektriki. Fuwele bado huitikia umeme kwa nguvu sana, ila ukiondoa volti hakuna kinachobaki, na mwitikio wenyewe hupungua kadiri unavyozidi kupasha. Ganda la ndizi halina kizingiti kama hicho.

Nyuzi chache juu ya kizingiti kuna jambo ninalolipenda kuliko yote. Walter Merz alilionyesha mwaka 1953: ukiweka volti kubwa, fuwele hulazimishwa kurudi feroelektriki, na ukizipunguza inaachia. Mchoro unakuwa na vitanzi viwili vidogo, kimoja kila upande, na katikati mstari unaopita sifuri. Anguko la ghafla na vitanzi hivi pacha vina chanzo kimoja: karibu na kizingiti hali zote mbili zinawezekana, na volti ndiyo inayoamua.

Anayetumia kauri ya titaneti ya bariamu kama kihisi cha mtetemo hukutana na haya kwenye ncha ya pasi ya kulehemu, ambayo hupita nyuzi 300. Akishikilia pasi muda mrefu, kauri hupita kizingiti. Ikipoa, vijisanduku hurefuka tena, lakini vitongoji vinaelekea kila upande. Kihisi kinaonekana kizima, hakina ufa, na hakitoi chochote kikigongwa. Dawa yake ni kukipasha tena kupita nyuzi 120, kisha kukipoza volti zikiwa zimewashwa.