Pesa Imekatwa, Oda Haionekani

Mteja wa duka la mtandaoni jijini Nairobi analipia viatu vya shilingi 2,400 kwa M-Pesa. Anaweka namba ya siri, ukurasa unazunguka weee, kisha unamwambia ajaribu tena. Anabonyeza. Je, atakatwa mara mbili? Swali hilo lijibiwe kabla duka halijafunguliwa, kwa oda za mfano na pesa zisizo za mtu.

Kupitia Daraja, Safaricom huwapa watengenezaji mifumo mahali pa kufanyia majaribio bila kugusa pesa halisi. Matokeo ya malipo huja kwa namba: 0 ni kwamba yamepita, 1 salio halitoshi, 1032 mteja ameghairi. Kupima hayo si kazi kubwa. Kwa kila namba andaa oda yake, kisha hakikisha iliyokosa malipo haijapelekwa kwa msafirishaji.

Kazi iko kwenye kimya. Mfumo ukisubiri sekunde 30 bila jibu, mafundi wengi huandika kwamba malipo yameshindikana. Wanakosea, kwa sababu huenda pesa imeshakatwa na taarifa ndiyo iliyochelewa. Oda hiyo iandikwe kuwa inasubiri uhakika.

Kimya hicho hupimwa kwa seva bandia ya malipo unayoitengeneza mwenyewe. Iamuru ikubali shilingi 2,400, lakini ilete taarifa baada ya sekunde 40. Kwenye sekunde ya 30 bonyeza "Lipa" tena. Kama kila kubonyeza kunaanzisha malipo mapya, seva itapokea maombi mawili, na mteja wa kweli angeombwa namba ya siri upya. Dawa yake ni kufunga malipo kwenye namba ya oda: mfumo ukikuta oda ile ile ina malipo yanayosubiri, uulizie hali yake kwanza, usiombe pesa nyingine. Jaribu pia kubonyeza mara mbili kwa wakati mmoja, maana hapo ndipo mifumo mingi inayoonekana salama hupenyeza maombi yote mawili.

Kisha tuma taarifa ile ile ya mafanikio mara mbili. Kama stoo ilikuwa na jozi 10, zibaki 9; zikiwa 8, mfumo umehesabu mauzo hewa. Mwisho, futa oda halafu leta taarifa kwamba malipo yamepita. Mfumo usiitupe. Ama uifufue oda, ama uiweke kwenye orodha ya kurudishiwa pesa.

Ukurasa wa mteja si ushahidi wa kutosha katika majaribio haya. Fungua hifadhidata uhesabu: oda moja, malipo mamoja, jozi moja iliyopungua.

Mwenye duka, kabla hujapokea mfumo kutoka kwa fundi wako, mwambie akufanyie jaribio la sekunde 40 ukiwa umekaa naye, na umalizie malipo yake baada ya kuliona.