Mtoto wa Kilo 999

Katika data za Utafiti wa Demografia na Afya, uliofanywa Tanzania na Kenya pia, safu ya uzito wa mtoto inaitwa hw2. Ukikuta 120, usishtuke: ni kilo 12.0, nukta haikuandikwa. Uzito wa kuzaliwa, m19, uko kwa gramu: 3200 ni kilo 3.2. Anayelinganisha safu hizo bila kusoma kitabu cha misimbo atapotea.

Hatari kubwa zaidi ni 9994. Si uzito, maana yake mtoto hakuwepo siku ya kupimwa. 9995 ni aliyekataliwa kupimwa. Chukua watoto tisa wa kilo 12 na mmoja mwenye 9994: kompyuta itamsoma kuwa na kilo 999.4, na wastani utaruka hadi kilo 110.74.

Hapo kosa linajianika. Msimbo 99 kwenye safu ya umri wa wazee haujianiki kamwe, na ndio unaonitia hofu.

Basi kabla ya kukokotoa, tazama thamani ya chini na ya juu ya kila safu, ukiwa na kitabu mkononi. Safu isiyoelezwa humo usiikisie; waulize waliokusanya data, na wasipojua, iache.