Chapati Tatu Gawanya kwa Nusu: Somo la Dakika Moja

Wazazi wenzangu, muulizeni mtoto wa miaka kumi au kumi na moja swali hili: 3 ÷ ½ ni ngapi? Katika darasa la Jumamosi ninalosaidia hapa Uingereza, nikitoka zamu ya hospitali, jibu ninalolisikia mara nyingi ni moja na nusu. Anayesema sita huwa amekariri kanuni ya kugeuza na kuzidisha. Ukimuuliza imekuwaje jibu likazidi tatu, ananyamaza.

Sababu ni kwamba mtoto alianza kugawanya kwa pipi: pipi kumi kwa watoto watano, kila mmoja mbili. Akajijengea imani kwamba kugawanya ni kupunguza. Sasa anaambiwa agawe kwa nusu, na hakuna nusu mtu wa kupewa pipi. Kwa hiyo mwalimu inabidi abadilishe swali. Badala ya "kila mmoja atapata ngapi?", aulize "zitatoka ngapi?"

Haya ndiyo maneno ninayotumia. Ukiyasema taratibu, dakika haiishi.

"Jikoni kuna chapati tatu. (Chora maduara matatu.) Leo kila mtu anakula nusu chapati. Watakula watu wangapi? (Nyamaza. Hesabu moja mpaka tano moyoni.) Tukate ya kwanza: nusu mbili, watu wawili. Tukate ya pili: wamefika wanne. Ya tatu: wamefika sita. Je, chapati zimeongezeka? Hapana, ni tatu zilezile. Tulichohesabu ni vipande, na kipande ni kidogo kuliko chapati, ndiyo maana vimekuwa vingi. Tumeuliza: ndani ya tatu mna nusu ngapi? Hiyo ndiyo maana ya tatu gawanya kwa nusu. Jibu ni sita."

Ule ukimya wa katikati usiuruke. Hapo ndipo mtoto anapokisia, na kisio lake linakuonyesha anawaza nini. Akisema moja na nusu, amesikia "nusu ya tatu". Kiswahili chetu kinachangia hapo, maana nyumbani tukisema "igawe nusu" tunamaanisha ikate vipande viwili, yaani kugawa kwa mbili. "Gawanya kwa nusu" ni jambo lingine kabisa. Mwambie mtoto arudie swali kwa maneno ya "ndani ya tatu mna nusu ngapi", na kosa hilo litajitenga lenyewe.

Baada ya hapo kanuni ya kugeuza haina uchawi tena. Kila chapati imetoa nusu mbili, chapati ni tatu, basi 3 × 2. Ile ½ iliyogeuka kuwa 2 ni hesabu ya vipande vinavyotoka kwenye chapati moja.

Mfano huu una mahali unapokwama, na ni vizuri ukajua kabla mtoto hajakukwamisha. Tuseme kila mtu anakula theluthi mbili: 3 ÷ ⅔. Kata kila chapati vipande vitatu, upate theluthi tisa. Kila mtu achukue mbili. Wanakula watu wanne, na kinabaki kipande kimoja. Mtoto ataandika "nne na theluthi", kwa kuwa kilichobaki ni theluthi ya chapati. Lakini sisi tunahesabu sehemu za watu, si chapati. Kipande hicho ni nusu ya sehemu ya mtu mmoja, hivyo jibu ni nne na nusu. Muulize, "Kilichobaki kinamshibisha mtu kwa kiasi gani?" Ataliona. Lakini hili liache kwa siku nyingine, halitoshi ndani ya dakika ileile.

Kwenye kazi yangu hesabu hii ni ya kila siku. Daktari akiandika miligramu 2, na kidonge kilichopo ni cha mikrogramu 500, yaani nusu miligramu, ninauliza swali lilelile la chapati: ndani ya mbili mna nusu ngapi? Ni vidonge vinne. Anayeamini kwamba kugawanya lazima kupunguze atapata kimoja, na mgonjwa atapewa robo ya dozi yake bila mtu kushtuka, kwa sababu kidonge kimoja kinaonekana cha kawaida kuliko vinne.

Kujua kama mtoto ameelewa, usimpe tena tatu na nusu, atakuwa ameshakariri. Mpe maswali mawili yaliyokaa pamoja: "Nusu ya sita ni ngapi?" na "Sita gawanya kwa nusu ni ngapi?" Akijibu tatu na kumi na mbili, kisha akakuchorea kwa nini yanatofautiana, chapati imefanya kazi yake. Akijibu tatu yote mawili, rudi kwenye maduara, na safari hii mpe yeye kalamu.