Ofa Ijiondoe Yenyewe

Muuza viatu wa Kariakoo anatangaza raba kwa bei ya punguzo Instagram, 1 hadi 7 Juni. Tarehe 10 mteja anabofya kiungo kwenye wasifu wake na bado anaikuta ofa ile. Ugomvi umeanza.

Dawa ni jedwali la Google Sheets: safu A jina la bidhaa, B kiungo, C mwanzo, D mwisho. Kwenye karatasi ya pili weka:

```
=FILTER(Ofa!A2:B, Ofa!C2:C<=TODAY(), Ofa!D2:D>=TODAY())
```

Karatasi hiyo ya pili ndiyo unayoipachika kwenye ukurasa wa kiungo. Ofa huingia na kutoka kwa tarehe zake.

Kinachoharibu mara nyingi ni tarehe iliyosomwa kama maneno. Ikiwa safu D, ofa haiishi kamwe. Ikiwa C, haitokei. Utaitambua: imeegemea kushoto mwa kisanduku, ilhali tarehe halisi huegemea kulia. Kagua pia saa za eneo katika mipangilio. Jedwali likifuata New York, raba zitabaki hadi saa moja asubuhi ya tarehe 8. Weka Dar es Salaam au Nairobi.