Skafu Ikishakatwa: Mshono wa Pindo na Matamvua ya Kusokota

Skafu ikikatwa kutoka kwenye kitanda cha mfumi bado haijawa vazi. Wakati wa kufuma, nyuzi za urefu, yaani mtande, zilikuwa zimekazwa mwanzo hadi mwisho, na ukazo huo ndio ulioshikilia nyuzi za upana, yaani mshindio, kila mmoja mahali pake. Mkasi ukipita, ukazo unaisha papo hapo. Mstari wa mwisho wa mshindio hauna tena kinachoubana, na ukitikisa kitambaa kidogo tu utauona ukiteremka kwenye nyuzi zilizoning'inia, kisha wa pili yake unafuata.

Kuna njia nyingi za kuuzuia. Unaweza kukunja ukingo na kuushona kwa cherehani, lakini skafu nene ya sufu inapata mkunjo mgumu unaokaa vibaya shingoni. Unaweza kufunga mafundo makubwa ya mtande yaliyogusa kitambaa, na wengi hufanya hivyo, ila mafundo hayo huvuta ukingo na kuupa mawimbi. Njia ninayoipenda kuliko zote ni mshono wa pindo wa mkono ukifuatiwa na matamvua ya kusokota. Mshono unashika kitambaa, tamvua linazilinda ncha za nyuzi zisifumuke. Kila kimoja kina kazi yake, na ukingo unabaki bapa.

Wafumaji wengi huushona mshono huu kitambaa kikiwa bado kitandani, kwa sababu nyuzi zimekazwa na sindano inapita kwa urahisi. Lakini mara nyingi mtande unaobaki mwishoni ni mfupi na mkono hauenei, au mtu anataka kuiona skafu yote kwanza ndipo aamue ukingo ukae vipi. Hapo mshono hushonwa mezani, baada ya kukata. Unawezekana kabisa kwa sharti moja: kabla ya mkasi, fuma mistari mitano au sita ya uzi wa muda, wenye rangi inayotofautiana kabisa na skafu, mara tu baada ya mstari wa mwisho wa kweli. Uzi huo ndio utakaoshika mshindio wakati unahama kutoka kitandani hadi mezani. Fanya vivyo hivyo mwanzoni mwa skafu, kabla ya mstari wa kwanza.

Tuchukue skafu moja ya sufu. Upana wake ni sentimita 24 na nusu, mtande una nyuzi nne kwa kila sentimita, kwa hiyo jumla ni nyuzi 98. Umeacha mtande mtupu wa sentimita 22 kila upande kwa ajili ya matamvua. Kabla ya kutunga uzi kwenye sindano, kaa na hesabu. Mshono wa pindo hugawa mtande katika mafungu, na kila tamvua litasokotwa kwa mafungu mawili. Kwa hiyo mafungu lazima yawe shufwa, la sivyo litabaki moja lisilo na mwenzake. Nyuzi 98 zikigawanywa kwa nne zinatoa mafungu 24 na nyuzi mbili zinabaki. Hizo mbili usiziweke katikati, maana jicho litaliona fungu lililonenepa. Zipeleke pembeni: fungu la kwanza liwe na nyuzi tano, la mwisho pia tano, na yale 22 ya kati yawe na nne nne. Utapata matamvua 12, yale mawili ya pembeni yakiwa na uzi mmoja zaidi. Pembeni ndiko skafu inakovutwa na kushikwashikwa, kwa hiyo unene huo haupotei bure.

Sasa laza skafu mezani, mtande mtupu ukielekea kwako, na uweke kitabu kizito juu ya kitambaa sentimita chache kutoka ukingoni. Kitabu kinafanya kazi iliyofanywa na kitanda. Kata uzi uleule wa mshindio, urefu wake mara nne ya upana wa skafu. Kwa skafu hii ni kama mita moja. Utunge kwenye sindano butu ya sufu. Sindano kali haifai hapa, kwa sababu inatoboa nyuzi badala ya kupita kati yake, na uzi uliotobolewa hautateleza vizuri ukiukaza.

Anzia kulia ikiwa unatumia mkono wa kulia. Ficha mkia wa uzi wako ndani ya kitambaa, ukiupitisha kati ya nyuzi kwa sentimita tatu hivi, na sindano itokee pembeni kulia, kwenye mpaka kati ya mstari wa mwisho wa kweli na uzi wa muda. Kisha pitisha sindano chini ya fungu la kwanza, kutoka kulia kwenda kushoto, itokee juu baada ya uzi wa tano. Rudisha uzi kulia kwa juu, ili fungu liwe limezungushwa. Halafu ingiza sindano tena chini ya fungu lilelile kutoka kulia, ila safari hii ielekeze juu kidogo, ichomoze ndani ya kitambaa mistari miwili ya mshindio kutoka ukingoni, kushoto kwa fungu. Vuta. Ukienda kwenye fungu la pili, uzi utashuka kutoka pale ulipochomoza hadi mpakani, na utaonekana kama kijiti kifupi kilichosimama kati ya mafungu. Kijiti hicho ndicho kinachobana mistari miwili ya mwisho, na kitanzi kinabana fungu.

Namna ya kuvuta ndiyo inayotofautisha mshono mzuri na mbaya. Baada ya kuzungusha fungu, vuta uzi kwa usawa wa meza hadi nyuzi za mtande zikusanyike. Baada ya hatua ya pili, vuta kuelekea kitambaani hadi kitanzi kiguse mshindio, kisha acha. Ukivuta kidogo mno, mstari wa mwisho utabaki na uvimbe kati ya mafungu, nao hautaondoka hata ukipiga pasi. Ukivuta kupita kiasi, ukingo unasinyaa. Kulijua hilo ni rahisi: baada ya mafungu sita, pima upana wake kwa rula, halafu pima nyuzi zilezile sentimita kumi ndani ya kitambaa. Vipimo viwe sawa au vikaribiane sana. Ukingo ukiwa mwembamba, fumua na urudie sasa hivi, maana skafu iliyosinyaa mwishoni itafunguka kama feni katikati na hakuna kuosha kutakakoinyosha.

Ukifika mwisho, ficha mkia wa pili kama ulivyoficha wa kwanza. Sasa ndipo unapochomoa uzi wa muda, mstari mmoja mmoja. Usiukate katikati ukiwa na haraka, kwa sababu mkasi kati ya nyuzi za mtande huchukua na zile zisizohusika.

Matamvua yanafuata kanuni ileile wanayoitumia wanawake wa Unguja wanaosokota kamba za usumba wa nazi: nyuzi mbili husokotwa upande mmoja, kisha huunganishwa na kuachwa zirudi upande wa pili. Kila fungu ulilolisokota linataka kujifumua. Ukiyaweka mawili pamoja, yanapojaribu kujifumua yanazungukana, na msokoto wa moja unauzuia wa mwenzake. Vikoi vingi vya pwani vina matamvua yaliyopatikana kwa njia hii.

Swali la kwanza ni kusokota kuelekea wapi. Jibu liko kwenye uzi wako. Shika uzi mmoja wa mtande kwa vidole na uuzungushe kwenda kulia. Ukizidi kukaza, huo ndio upande wa kusokotea mafungu yote. Ukilegea na nyuzi zake ndogo zikaanza kuachana, sokota kushoto. Mtu akienda kinyume, anaufumua uzi aliokwisha kulipia, na tamvua lake litakuwa na manyoya na wepesi wa kukatika.

Chukua mafungu mawili ya mwanzo. Sokota la kwanza kwa vidole, au kwa kile kifaa kidogo cha mkono chenye vibanio, hadi ukililegeza kidogo lianze kujikunja lenyewe. Kwa sentimita 22 za sufu, mizunguko 25 huwa inatosha, lakini jaribu kwanza kwenye tamvua moja kisha uamue. Idadi yoyote utakayoichagua, ishike hadi mwisho. Fungu lenye mizunguko mingi kuliko mwenzake litabaki limenyooka katikati na lile jingine litalizunguka kama mtambaazi, na tamvua litaonekana limepinda. Mafungu yote mawili yakishasokotwa, yalaze pamoja, yaachie yazungukane kinyume, yasaidie kwa vidole, kisha funga fundo moja la kawaida.

Ili mafundo yakae mstari mmoja, chora mstari kwenye kadibodi, sentimita 15 kutoka ukingoni, na uiteleze chini ya matamvua. Kabla fundo halijakaza, chomeka pini ndani yake na ulisogeze hadi mstarini. Msokoto hula urefu, na fundo hula tena. Ndiyo maana sentimita 22 zinakupa 15 tu na mkia kidogo.

Skafu huoshwa baada ya hapo, si kabla. Mtande mtupu wa sufu ukitiwa maji hujishikashika na kuwa kitu kimoja kama mkeka wa manyoya, na hutaweza tena kutenganisha mafungu. Ukishasokotwa na kufungwa, maji yale yale yanaufaa, kwa sababu sufu inavimba kidogo na msokoto unatulia. Loweka skafu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kwa dakika 20, ibonyeze bila kuisugua, suuza kwa maji yenye joto lilelile, iviringe ndani ya taulo na uikaushe ikiwa imelazwa. Maji ya moto yakifuatiwa na baridi, pamoja na kusuguliwa, ndiyo yanayoifanya sufu isinyae.

Mikia iliyo chini ya mafundo ikatwe ikishakauka, kwa sababu nyuzi hazisinyai kwa kipimo kimoja. Acha sentimita moja. Ukiacha chini ya hapo, fundo linaweza kuteleza.

Haya yote ni kwa sufu, ambayo nyuzi zake hushikana zenyewe. Pamba inakubali utaratibu huohuo, ila msokoto wake hukaa vizuri zaidi ukilowesha vidole. Hariri na nyuzi nyororo za viwandani ni habari nyingine: zinateleza. Kwa hizo ningetumia mafungu ya nyuzi mbili tatu badala ya nne, ningepeleka kijiti ndani ya kitambaa mistari mitatu au minne badala ya miwili, na kila fundo la tamvua ningelivuta mara ya pili baada ya kuosha, kabla ya kugusa mkasi.